Naomba ushauri: saa ya mawe 17 au ya mawe 35?

Wakuu, naombeni ushauri. Nachagua kati ya saa mbili za kutia ufunguo kwa mkono, zenye mishale mitatu tu, bila tarehe. Moja imeandikwa mawe 17, nyingine 35, na muuzaji anasisitiza kwamba 35 ndiyo bora.

Hesabu inanikatalia. Kwenye mashine ya aina hii, gurudumu la mizani linahitaji mawe manne, pamoja na jiwe dogo moja linalopokea msukumo. Uma unaolisukuma una mawe mawili kwenye ncha zake na mawili kwenye mhimili wake. Magurudumu manne yaliyobaki yanachukua mawili mawili. Jumla 17, na kila jiwe linapunguza msuguano mahali ambapo chuma kingelika. Otomatiki hufika 21 hadi 25 kwa sababu ina magurudumu ya ziada ya kujitia ufunguo yenyewe. Hii haina, sasa mawe 18 ya ziada yanashika nini? Isitoshe, ni rubi ya kutengenezwa kiwandani, bei yake ndogo.

Ninachoogopa ni mawe yaliyobandikwa pembeni bila ncha ya mhimili kupita ndani. Je, nikifungua mfuniko nitayatambua kwa lenzi, au yanafichwa upande wa uso wa saa? Na kwa maoni yenu, nisidai kwanza vipimo vya mwendo, uso ukitazama juu, kisha saa ikisimama wima? Tofauti ya sekunde ngapi kwa siku niikatae?