Orodha ya malipo ya korosho: kivuli msimu mzima, data ya mwaka jana, au tukabidhi AMCOS moja?

Mtu_wa_Ghala (Masasi)

Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha malipo kwenye ofisi moja ya ushirika huku Masasi. Kila baada ya mnada kazi yetu ni ile ile: kuchukua kilo za mkulima zilizoingizwa kutoka kwenye stakabadhi za AMCOS, kuzidisha kwa bei, kutoa makato, halafu kuoanisha jina na akaunti ya benki. Makarani watatu, siku mbili au tatu, macho mekundu. Kijana wetu wa kompyuta ameandika skripti inayomaliza yote usiku mmoja.

Sasa tunabishana namna ya kuipima kabla ya kuipa kazi. Njia tatu ziko mezani. Ya kwanza, iende kivulini: makarani wanafanya kazi kama kawaida na orodha yao ndiyo inayokwenda benki, skripti nayo inatoa orodha yake pembeni, tunalinganisha. Ya pili, tuilishe data ya msimu uliopita tuone inatoa nini. Ya tatu, tuipe AMCOS moja ndogo kabisa, ilipe kweli.

Ya pili nimeshaijaribu. Imelingana na orodha ya mwaka jana kwa asilimia 99.4, na mwenyekiti ameanza kutabasamu. Nauliza, kuna haja ya kivuli tena?

Kaka_Hesabu

Mkuu, 99.4 unataka nini zaidi? Karani binadamu hafiki hapo. Kabidhi mzigo, msimu hausubiri.

Mkulima_Nanyamba

Jamani msidanganyane, korosho haianikwi kivulini. Ni juani siku mbili tatu, unageuza, ndipo unapeleka ghalani. Ukianika kivulini unyevu unabaki na watu wa ghala watakurudisha.

Mtu_wa_Ghala

😂 Mzee wangu, hiki ni kivuli cha kompyuta. Korosho zako ziache juani.

Fundi_Ruangwa

Mtu_wa_Ghala, hiyo 99.4 usiipeleke kwa bodi bado. Jiulize orodha ya mwaka jana unayolinganisha nayo ni ipi. Ni ile makarani waliyoitoa usiku wa kwanza, au ile iliyobaki baada ya benki kurudisha malipo, wakulima kuja kulalamika na akaunti kurekebishwa? Nina hakika ni ya mwisho, kwa sababu karibu kila ofisi hufuta kosa na kuandika juu yake. Daftari la akaunti nalo ni hilo hilo lililosafishwa. Kwa hiyo skripti yako imefanya mtihani ikiwa na majibu mfukoni.

Data ya zamani ina kazi yake. Inakuonyesha kama hesabu ya makato iko sawa, kama skripti haizimiki katikati, kama inasoma tarehe vizuri. Hapo inatosha. Kinachotokea siku ya mnada, stakabadhi zikiwa nusu zimeingizwa na majina yameandikwa kwa haraka, hakimo tena kwenye data ya mwaka jana.

Njia ya tatu naikataa kama hatua ya kwanza. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine, kuirudisha ni safari ya miezi, na yule mkulima wa kweli yuko mlangoni kwako.

BintiMchinga (Lindi)

Kivuli nacho kina mambo yake, msikidhani ni salama hivi hivi. Nilipokuwa kwenye ofisi moja ya ankara za maji tuliweka programu mpya kivulini. Kila kitu kilikuwa sawa, ila mwandishi alizuia sehemu ya kuchapa ankara akasahau sehemu ya kutuma meseji. Saa kumi alfajiri wateja wakaanza kupokea deni jipya, na saa nne asubuhi deni la kawaida likafuata. Nyumba moja, mwezi mmoja, kiasi mbili tofauti. Mama mmoja alikuja na simu yake mkononi, akaiweka juu ya meza, hakusema kitu.

Fundi_Ruangwa

Asante dada, hilo ndilo kosa linalowakuta wengi. Msitegemee swichi ndani ya skripti inayosema "sasa niko kivulini". Inyimeni uwezo kwenye databesi yenyewe, muipe jina lake la kuingilia ambalo linasoma tu na kuandika sehemu moja:

```sql
GRANT SELECT ON stakabadhi, wakulima TO kivuli;
GRANT INSERT ON kivuli_malipo TO kivuli;
```

Na isijue kabisa nywila ya mtandao wa meseji wala ya benki. Ikikosea, iumize jedwali lake tu.

Jambo la pili ni wakati. Skripti ikisoma saa sita usiku na karani akarekebisha kilo saa mbili asubuhi, utapata tofauti ambayo si kosa la yeyote. Kwa hiyo pigeni nakala ya data saa hiyo ya usiku, mkaihifadhi, ili tofauti ikitokea muweze kuona kila upande uliona nini.

Tatu, mnapolinganisha, msitafute tu stakabadhi zilizopo pande zote mbili. Tumieni `FULL JOIN`. Skripti iliyoruka stakabadhi kimya kimya haitaonekana kwenye ulinganisho wa kawaida, kwa sababu palipo tupu hapana cha kutofautiana.

Karani_Mstaafu (Newala)

Vijana, nimekaa na stakabadhi miaka mingi. Swali langu moja: makarani wanaliona jibu la mashine kabla ya kuandika lao?

Mtu_wa_Ghala

Shikamoo mzee. Kijana alipendekeza tuwaonyeshe, ili wakikuta tofauti wasahihishe palepale.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Basi hapo hamlinganishi chochote. Karani amechoka, saa tano usiku, mbele yake kuna jibu limeshaandikwa. Ataliandika hilo hilo. Mtapata kulingana kwa ajabu, mtashangilia, kumbe mmelinganisha mashine na mashine.

Halafu AMCOS moja inaweza kuwa na akina Hamisi Saidi watatu. Karani anajua yupi analeta magunia kumi na yupi analeta mawili, na haliandiki popote. Hilo mashine itaanguka, kumbukeni maneno yangu.

Kaka_Hesabu

Basi wekeni lengo: wakipita stakabadhi 300 bila kosa hata moja, kabidhini. Hesabu rahisi.

Fundi_Ruangwa

Rahisi ndiyo, lakini inasema kidogo kuliko unavyodhani. Ukiangalia 300 usikute kosa, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba makosa hayazidi kama 1 kwa kila 100. Unagawa 3 kwa idadi uliyoangalia. Ofisi inayolipa wakulima 8,000 kwa mnada, hiyo 1 kwa 100 ni watu 80 mlangoni. Ukitaka kudai chini ya 1 kwa 1,000, angalia 3,000.

Na kosa halina uzito mmoja. Kukosea shilingi 200 kwenye makato na kupeleka milioni kwa mtu mwingine zote zinahesabiwa "kosa moja" kwenye asilimia yako.

Mtu_wa_Ghala (wiki mbili baadaye)

Wakuu, nimerudi. Tumeendesha kivuli mnada mmoja, AMCOS mbili, stakabadhi 640. Makarani hawakuona jibu la skripti. Zimelingana 611, zimetofautiana 29. Mwenyekiti aliposikia asilimia 95 na nusu uso ulibadilika.

Hizo 29 tulimpa mtu wa tatu ambaye hakuhusika, akaangalia stakabadhi ya karatasi bila kuambiwa jibu lipi ni la nani. Zikagawanyika hivi: 14 ni za ule wakati alioutaja Fundi, karani alirekebisha asubuhi. Katika 9, skripti ilikuwa sahihi na karani amekosea, nyingi zikiwa makato ya kiwango cha zamani. Katika 4 skripti ndiyo imekosea. Na 2 hadi sasa hatujaamua.

Mzee Karani, hizo 4 zote ni majina yanayofanana. Skripti ilichukua akaunti ya kwanza iliyokutana nayo. Yaani imekosea mara chache kuliko makarani, lakini makosa yake ndiyo ya kutisha.

Sasa lililoniondolea usingizi. Nilichukua 60 kati ya zile 611 zilizolingana, nikazirudisha kwenye karatasi. Moja ilikuwa mbaya pande zote mbili. Mwandishi wa mizani ameandika 1 yenye pua ndefu mbele, 164, muingizaji akasoma 764. Tuseme baki ya mkulima ni 2,900 kwa kilo, hiyo ni 1,740,000 ya ziada. Karani na skripti wote walizidisha 764 bila wasiwasi.

Fundi_Ruangwa

Umefanya vizuri kuchungulia zilizolingana, wengi hawachungulii. Pande zote mbili zinakunywa kisima kimoja, hivyo kulingana kwao hakusemi lolote kuhusu kisima. Hilo halitatatuliwa na skripti hii, ni la pale kwenye kuingiza: kilo ziingizwe mara mbili na watu wawili, au jumla ya AMCOS ilinganishwe na kilo zilizopokelewa ghalani. 600 za ziada zingeonekana hapo hapo.

Kwa majina, skripti ikikuta zaidi ya mmoja isichague. Iiache tupu na kuipeleka kwa karani. Ukishabadilisha hivyo, hesabu ya kivuli ianze upya, usijumlishe na ile 640, maana hiyo ni skripti nyingine.

Na kuna ambalo kivuli hakitakuonyesha kamwe: benki itasemaje. Faili lake halijawahi kufika benki. Ndiyo maana ile njia yako ya tatu, AMCOS moja ndogo, ina nafasi yake, ila mwishoni.

Kaka_Hesabu

Haya, nimenyoosha mikono kwenye 99.4. Ila bado nasema karani amekosea 9 na mashine 4. Mnamsubiri nani?

Karani_Mstaafu

Hao 9 nao wapime tena. Karani anayejua anapimwa huwa anaandika kwa kalamu nzuri. Msimu wa kawaida watakuwa zaidi ya 9.

BintiMchinga

Na baada ya kukabidhi, karani mmoja aendelee kukokotoa stakabadhi kadhaa kwa mkono kila mnada. Kwetu waliacha kabisa, baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka makato yanakwendaje.

Mtu_wa_Ghala

Tumekubaliana: minada mitatu zaidi kivulini na skripti iliyorekebishwa, kisha AMCOS moja ilipwe kwa orodha yake, karani akiwa na yake mkononi. Bodi bado haijasema nani anasaini orodha ya skripti. Kijana anasema mhasibu, mhasibu anasema kijana.

Zile 2 ni za mkulima aliyefariki; mzigo umeletwa na mwanawe kwa jina la baba. Karani aliweka akaunti ya mtoto, skripti ya marehemu. Mwamuzi wetu amezirudisha zote mezani kwangu.

Mkulima_Nanyamba

Na mimi ambaye sijafa, malipo yangu ya mnada wa pili yapo kivulini au juani?