Nyuzi ya mahindi inatoka chini ya sifuri, nifanye nini?

Mwana_Kadutu (Bukavu)
Mambo ndugu zangu. Niko mwaka wa mwisho, kazi yangu ni kupima nyuzi ghafi ya mahindi ya soko. Nafata njia yote: gramu 2 ya unga, nachemsha dakika 30 na asidi ya salfuriki 1.25% mililita 200, nachuja, nasafisha na maji ya moto, nachemsha tena dakika 30 na soda kostiki 1.25%, nachuja, nakausha, napima, nachoma mu tanuru, napima tena. Inanitolea −0.6%! Nimerudia mara mbili, vile vile. Kazi natoa ijumaa, sina usingizi.

Mama_Himbi (Goma)
Pole mwanangu, unga wa kukoboa una nyuzi kidogo tu. Wangu wa mwisho alikuwa anafunga choo kila wiki, nikaanza kumupikia bukari ya unga usiokobolewa na maharagi, ikaisha.

Kuku_Katuba (Lubumbashi)
Mama, huyu anaongelea labo. Ndugu, maji ilipunguka mu chupa wakati wa kuchemsha, asidi ikawa kali ikakula nyuzi yote. Mimi nafuga kuku, kuna siku niliuziwa pumba ikiwa imechanganywa na mchanga, kuku walikonda nikazunguka mji mzima kutafuta mwenye kuipima.

Mzee_wa_Labo
Kuku_Katuba una haki nusu. Asidi ikikaza, nyuzi inashuka, ndiyo maana tunaweka kipoza mvuke juu ya chupa. Lakini hata ikikulwa yote unafika sifuri, hauipiti. Ukipita sifuri, kosa liko kwenye mizani. Ulichujia na nini? Andika uzito zote.

Mwana_Kadutu
Nilichuja kawaida tu, mzee. Mahesabu nimeangalia mara tatu.

Ruzizi_Moja
Hii hadithi ni ya kutunga. Kitu chenye uzito chini ya sifuri hakipo duniani, mtu anataka tumuandikie kazi yake.

Mwana_Kadutu
Situngi! Daftari iko hapa. Unga gramu 2.012. Karatasi ya kuchujia 0.846. Karatasi pamoja na mabaki, kisha usiku mzima mu 105°C: 0.838. Majivu 0.004.

Mzee_wa_Labo
Karatasi ile 0.846, ulikuwa umeikausha kwanza?

Mwana_Kadutu
Hapana, niliitoa mu boksi nikapima. Bakuli ya kioo yenye vitundu ilivunjika, hakuna ingine, mtu angefanya nini? Na niseme yote: kwenye tabo nimeshaandika 2.3%, juu vitabu vinasema mahindi iko karibu na 2. Sioni kama ni uongo, mahindi ni mahindi.

Mzee_wa_Labo
Karatasi yenyewe si dhambi. Lakini karatasi ya boksi imekunywa unyevu wa hewa. Uliipima na maji yake, kisha ukaipima kavu, ukaitoa yote kama ilivyokuwa mwanzo. Unyevu ule ni mzito kuliko nyuzi yako. Kausha karatasi ingine ya boksi ile ile, ipoe mu chombo kilichofungwa chenye silika, ipime haraka, juu inaanza kunywa hewa tena ukiiangalia.

Ruzizi_Moja
Na ile 2.3 ifute. Uliandika mbele ya kupima.

Mwana_Kadutu (kesho yake)
Nimekausha. Ilikuwa 0.851, imekuwa 0.800. Karibu 6% ni maji! Kwa hiyo karatasi yangu ikiwa kavu ilikuwa kama 0.795. Mabaki ni 0.838 kutoa 0.795, ni 0.043. Natoa majivu 0.004, inabaki 0.039. Nagawa kwa 2.012: 1.9%. Mzee, asante sana. Naandika hii?

Mzee_wa_Labo
Andika kama makadirio, useme uliirekebisha namna gani. Karatasi uliyokausha haikupitishwa soda ya moto, na soda inakula karatasi kidogo, kwa hiyo nyuzi yako inaweza kuwa juu ya hapo. Pitisha karatasi tupu kwenye soda ile ile, maji yale yale, ndipo utoe tofauti.

Kuku_Katuba
Na mara ya kwanza, kisha asidi, ulichujia wapi? Karatasi ile ile?

Mwana_Kadutu
Hapana, kitambaa cha pamba. Nilirudisha mabaki mu chupa kwa kuimwangia soda. Nimekishika sasa hivi mbele ya dirisha: maganda madogo ya njano yamenasa katikati ya nyuzi za kitambaa, hata kwa ukucha hayatoki.

Mzee_wa_Labo
Basi hayo hayakufika kwenye mizani. Umebakia na unga kiasi gani?

Mwana_Kadutu
Kama gramu 30. Na leo ni jumatano.