Naomba ushauri: roboti iingie sokoni saa zipi?

Habari zenu wakuu. Nina roboti ya EURUSD kwenye MT5. Nimechukua mishumaa ya H1 ya miaka 2, nikatoa Low kwenye High kupata masafa ya bei, kisha nikatafuta wastani wake kwa kila saa ili roboti ilale soko likipoa. Tatizo ni saa ya seva: inafuata mabadiliko ya saa ya Marekani, na Machi London hubadilisha wiki 2 au 3 baadaye, hivyo ufunguzi wake unahama saa moja. Takwimu za ajira za Marekani nazo zinavimbisha wastani wa saa zinapotoka. Nimejaribu thamani ya katikati badala ya wastani, namba ya saa hiyo ikashuka.

Je, nipange kwa saa ya London? Na spredi ikifikia sehemu gani ya masafa hayo, roboti isiingie?