Jimu Mwanza inanidai 720,000 wakati nilishajitoa!

Wakuu, nachemka. Nilisaini miezi 12 kuanzia Machi mwaka jana, elfu 60 kwa mwezi, benki inakata yenyewe. Juni na Julai kazi ikanipeleka Ukerewe, nikasimamisha uanachama, tena kwa kulipia elfu 10 kila mwezi. Januari nikamwandikia meneja Watsapu kwamba Februari ikiisha naondoka. Akajibu "sawa kaka". Benki imekata Machi, ikakata Aprili, na Mei imekata tena! Jana pale Kirumba dada wa mapokezi ananionyesha ukurasa wa nne: miezi uliyosimamisha haihesabiki, na usipoleta notisi ya maandishi siku 30 kabla, mkataba unaanza upya miezi 12. Huu si wizi?

Chap_Igoma: Nenda benki wasitishe makato, mchezo umeisha. Wakukate kwa lipi?

Mzee wa Pasiansi: Chap, makato yatasimama lakini deni litabaki kwenye vitabu vyao. Kijana, tenganisha Machi na Aprili na hiyo Mei. Muda wako wa lazima ni miezi 12 ya kulipa, si ya kalenda. Ulisimamisha miwili, basi mwisho ulisogea kutoka Februari hadi 30 Aprili. Hizo mbili zimekwenda. Pigania Mei na kuendelea.

Tafuta kifungu cha "taarifa", mara nyingi kiko karibu na sahihi. Kikisema barua kwa mkono tu, wana hoja. Kikisema "maandishi" bila kutaja njia, ujumbe wako una nguvu, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua maandishi ya kielektroniki. Na ulitangulia siku 30 kwa mbali.

Mwenye uzi: Kinasema "kwa maandishi, kwa uongozi". Meneja si uongozi?

Mzee wa Pasiansi: Mimi naona ni uongozi. Wao watasema ulitaja Februari, si Aprili. Peleka leo barua nakala mbili, ya kwako wagonge muhuri wa kupokea na tarehe. Ambatisha picha ya ile "sawa kaka". Dai elfu 60 ya Mei, ndipo usitishe makato. Wakikomaa na 720,000 yote, wasomee kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba: kiasi kilichoandikwa ni kikomo cha fidia, mahakama inatoa inachoona ni haki.

Mama Tilapia: Samahani, hiyo jimu ina zumba ya wamama jioni? Yetu Buhongwa tunalipa kwa siku.

Mwenye uzi: Mama, nakudai huruma unaniuliza zumba!

Chap_Igoma: Mzee, na wakikataa kugonga muhuri?

Mzee wa Pasiansi: Tuma kwa rejesta posta, utunze risiti. Lakini hiyo ya Februari au Aprili, sijui hakimu ataisomaje.

Mwenye uzi: Naenda saa nane. Dada wa mapokezi akisema muhuri umepotea, nitarudi hapa na picha.