Posa Tanga, 16 hadi 23 Agosti 2026: tuchague siku na saa ipi?

Kaka_wa_Muoaji
Wakuu, salaam. Mdogo wangu anataka kupeleka posa Tanga mjini, sisi tunatoka Dar. Wazee wetu ni watu wa kuangalia falaki, wakatuzuia tusiende Mfungo Tano, tukasubiri. Sasa upande wa binti wametupa wiki moja tu, kuanzia Jumapili tarehe 16 hadi Jumapili tarehe 23 Agosti. Mjomba anasema Jumapili ya 16, baba anasema Alhamisi ya 20 alasiri. Mwenye ujuzi wa buruji na saa za sayari atusaidie kupima. Sitafuti ya kuambiwa "siku zote ni za Mungu", hilo nyumbani tunalijua.

Chombeza
Mbona rahisi. Mambo ya mapenzi ni ya Zuhura, na siku ya Zuhura ni Ijumaa. Nendeni Ijumaa. Mkikosa Ijumaa, Alhamisi saa ya kumi na moja ni ya Zuhura, yaani mkifika saa kumi kamili jioni mpo ndani hadi saa kumi na moja.

Dogo_Temeke
Naomba kuuliza hapahapa. Mimi nyota yangu Simba, mchumba wangu Nge. Tukioana tutaelewana kweli?

Mzee_Buruji
Dogo, hilo ni la kulinganisha nyota za watu wawili na lina hesabu yake, na majina ya mama zenu pia. Fungua uzi wako. Hapa tunachagua wakati.

Kaka, anza na Mwezi kabla ya kitu chochote. Siku ikiwa nzuri na saa ikiwa nzuri lakini Mwezi umo katika Nge, watu wa fani wanaiacha, hasa kwa ndoa na safari. Wiki yenu hiyo Mwezi unaingia Nge usiku wa Jumatatu ya 17 kuamkia Jumanne, na unatoka Alhamisi ya 20 kabla ya adhuhuri, karibu na saa tano na nusu. Kwa hiyo Jumanne na Jumatano zifute.

Jumapili ya mjomba ina mvuto kwa sababu Mwezi umo Mizani, nyumba ya Zuhura, na Zuhura mwenyewe yumo humo. Tatizo ni kwamba mchana ule Mwezi umeshampita Zuhura, na anayefuata kukutana naye ni Zuhali, tena uso kwa uso kutoka Kondoo. Sisi hatutazami Mwezi umetoka wapi tu, tunatazama unakwenda kwa nani. Ukienda kwa Zuhali kwa namna hiyo, jambo linapokewa kwa ubaridi na kuahirishwa. Halafu ikiwa mwezi utaandama mapema, siku hiyo itakuwa tarehe 3 Mfungo Sita, na 3 imo kwenye zile siku saba za nuhusi: 3, 5, 13, 16, 21, 24 na 25. Ningeiacha.

Alhamisi alasiri ni habari nyingine. Mwezi umeshatoka Nge, umeingia Mshale, nyumba ya Mushtari, siku ya Mushtari, na wa kwanza utakayemwendea ni Mushtari huyohuyo, kwa mtazamo wa mapenzi. Baba yako ana jicho.

Ila Chombeza amepotoka kwenye saa. Saa za sayari hazianzi saa kumi na mbili kamili, zinaanza jua linapochomoza. Tanga tarehe 20 Agosti jua linachomoza kama saa 12:28 asubuhi na kuzama kama saa 12:26 jioni. Gawa mchana huo kwa kumi na mbili, kila saa inakuwa dakika sitini kasoro kidogo. Alhamisi unaanza na Mushtari, kisha Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, Zuhali, halafu unarudi Mushtari. Ya kumi na moja ni Zuhura kweli, lakini inaanza saa 10:26 na kwisha 11:26 jioni. Ukifika saa kumi kamili na kutoa barua hapohapo, umeitoa saa ya Jua. Wengi wanakosea hapa kwa sababu saa zetu za Kiswahili zinafanana mno na saa za sayari, mtu anadhani ni kitu kimoja.

Chombeza
Dakika 26 ndiyo iharibu posa, mzee?

Mzee_Buruji
Kama huamini saa, usiitumie kabisa. Kama unaitumia, itumie sawasawa.

AbuSwalihu
Ndugu zangu, mtu akitaka jambo ana istikhara. Kutegemea nyota kwa heri na shari hakufai, na siku za nuhusi hazina msingi.

Mzee_Buruji
Shekhe, nimekusikia na wala sibishani. Kuchomoza kwa jua na mahali ulipo Mwezi ni hesabu, yeyote anaweza kukagua. Hukumu ya heri na shari ni mapokeo ya waliotangulia, mimi naeleza yalivyo. Muulizaji amesema wazee wake wanayafuata.

Tai_wa_Nyali
Subirini. Programu yangu ya simu inaonyesha Mwezi unaingia Nge Alhamisi hiyohiyo ya 20 na kukaa hadi Jumamosi. Mnampeleka mtu katikati ya Nge!

Mzee_Buruji
Angalia mipangilio ya programu yako, bila shaka ni kalenda ya Kihindi. Wahindi wanahesabu buruji kwa kufuata nyota zenyewe angani, sisi tunaanza Kondoo pale jua linapovuka mstari wa ikweta mwezi Machi. Kati ya hesabu hizi mbili kuna digrii 24 hivi, na Mwezi unatembea kama digrii 12 au 13 kwa siku, ndiyo maana unaona tofauti ya siku mbili. Chagua hesabu moja ukae nayo. Anayechukua Nge ya huku na Nge ya kule ataishia kukataza karibu wiki nzima.

Tai_wa_Nyali
Sawa, lakini angani? Alhamisi usiku ukitoka nje utauona Mwezi nusu unaikaribia ile nyota nyekundu ya moyo wa Nge. Wavuvi wa Mombasa hawana programu, wanatazama juu. Wao watasema Mwezi umo ndani ya Nge.

Mzee_Buruji
Hapo una haki, na ni ubishi wa zamani. Wapo waliosema Nge ya kuogopwa ni ile inayoonekana kwa macho. Vitabu vya falaki nilivyosomea mimi vinafuata buruji za hesabu. Siwezi kukuambia kwamba upande mmoja umeshinda.

Somo_wa_Raskazone
Mimi niwaulize la kawaida. Mnatoka Dar saa ngapi? Kwa basi ni saa sita hivi, ukikuta foleni Chalinze zinazidi. Ili saa 10:26 mwe mmeshaoga na kukaa Tanga, lazima mtoke alfajiri ya Alhamisi, na alfajiri hiyo Mwezi bado uko Nge. Si mmesema Nge ni mbaya kwa safari?

Na kipi hasa kinahesabiwa? Hodi, au barua?

Mzee_Buruji
Dada, umenishika pabaya, hilo la safari sikuliangalia.

Kinachohesabiwa ni tendo lenyewe. Hodi, maji, kahawa na halua havihesabiwi. Wakati unaochaguliwa ni pale mshenga anapotamka "tumekuja kuposa" na barua inapotoka mkononi mwake kuingia mkononi mwa wali au mjomba wa binti. Kwa hiyo mshenga apewe saa, ajue kuvuta maneno au kuyafupisha. Lenga katikati, robo saa au zaidi baada ya saa kuanza, maana hesabu ya kuchomoza jua nayo ina dakika moja mbili za kukosea.

Kwa safari mna njia mbili. Mfike Tanga kabla ya Jumatatu usiku na kulala siku tatu, ambayo ni gharama. Au mtoke Dar Alhamisi baada ya adhuhuri, Mwezi ukiwa tayari Mshale, mlale Tanga, na posa iwe Ijumaa ya 21. Ijumaa inaanza na Zuhura na anarudi saa ya nane, yaani saa 7:27 hadi 8:26 mchana. Mnatoka msikitini mnaingia barazani. Wakati huo Mwezi umeshampita Mushtari na unamkaribia Zuhura kwa wema.

Chombeza
Si nilisema Ijumaa! 😂

Mzee_Buruji
Ulisema, kwa sababu isiyotosha. Kila wiki ina Ijumaa.

Nahodha_Falaki
Mzee Buruji, heshima yako, ila hujagusa kasoro kubwa. Alhamisi na Ijumaa hiyo Zuhura yuko kama digrii 13 au 14 za Mizani, na Zuhali kama digrii 14 za Kondoo. Wanakabiliana karibu kamili. Umemkataa mjomba kwa sababu Mwezi unakwenda kwa Zuhali, halafu unampa baba siku ambayo bibi harusi mwenyewe, Zuhura, ametazamana naye uso kwa uso. Posa hiyo itakubaliwa kwa masharti mazito, au wazee wataweka muda mrefu.

Mzee_Buruji
Nimeliona, na nililipima hivi. Zuhura yumo nyumbani kwake, mwenye nguvu, na Zuhali katika Kondoo ni dhaifu. Ijumaa mchana Mwezi unawatazama wote wawili kwa wema, kama mshenga anayekaa kati. Mahari au muda vinaweza kujadiliwa kwa ukali, sikatai.

Nahodha_Falaki
Mimi ningewaomba wakwe wiki nyingine.

Mzee_Buruji
Ipi? Alfajiri ya tarehe 28 Agosti Mwezi unapatwa, na baada ya hapo unapungua. Tarehe 10 Septemba Zuhura anaingia Nge, nyumba asiyoipenda. Tarehe 3 Oktoba anaanza kurudi nyuma hadi katikati ya Novemba, na posa hazipelekwi Zuhura akirudi nyuma.

Nahodha_Falaki
Basi Novemba mwishoni. Posa si maji ya moto.

Kaka_wa_Muoaji
Shukrani wote. Novemba haiwezekani, wakwe wameshasema Agosti. Nimemsomea baba uzi wote. Ameiacha Alhamisi yake kwa sababu ya safari, amekubali Ijumaa saa 7:45 barua itoke. Kwa Zuhali amesema mahari tuongeze akiba kabla ya kuondoka. Lililobaki ni mshenga wetu: hotuba zake hazipungui nusu saa.

Somo_wa_Raskazone
Mwambieni aanze kusema 7:10, mkononi asiwe na barua. Barua ashike mwingine, ampe 7:40.