Mteja aongeze "ya kutolea", au duka libebe makato?

Mwenye duka, Masasi: Nauza vyakula na saruji kidogo. Korosho zikishalipwa, nusu ya wateja wananilipia kwa simu, wanatuma kwenye namba yangu ya kawaida. Niwaambie waongeze na ya kutolea, au makato niyabebe mwenyewe? Mmoja jana kagoma, kaacha unga mezani akaondoka.

Muuza nguo, Lindi: Mimi nasema ingiza kwenye bei, kwisha. Kitenge cha 15,000 kiandike 15,500. Mteja hasikii neno "makato" na wewe hupotezi kitu.

Wakala, Newala: Kisheria huruhusiwi kumwongezea mteja chochote. Makato yanakatwa na mtandao kwenye simu yake, wewe unasubiri kamisheni yako. Ukimtoza juu yake na akakushtaki, laini ya uwakala inafungwa.

Mwenye duka, Masasi: Kaka, mimi si wakala. Wanalipia bidhaa. Pesa ikishaingia kwangu, mimi ndiye ninayekwenda kwa wakala kuitoa.

Wakala, Newala: Nimekuelewa sasa, samahani. Basi jambo moja tu: malipo ya korosho yakitoka, wakulima wote wanataka taslimu siku ileile. Wakala anaishiwa noti kabla ya adhuhuri. Ukitegemea kutoa kila jioni, kuna siku utarudi nyumbani na salio kwenye simu.

Mtunza hesabu, Mtwara Mjini: Dada, kabla ya kuamua nani abebe, tazama makato yanazaliwa wapi. Ya kutolea haikatwi mteja anapokulipa. Inakatwa wewe unapotoa. Na ada ya kutoa inapanda kwa ngazi: kiasi kidogo kinakatwa sehemu kubwa ya thamani yake, kiasi kikubwa kinakatwa sehemu ndogo.

Chukua wiki moja. Wateja 60, kila mmoja 10,000, jumla 600,000. Nitumie ada za mfano, wewe weka za mtandao wako. Tuseme kutoa 10,000 ni 1,400, na kutoa 600,000 kwa mkupuo ni 8,000. Kila mteja akiongeza 1,400 umekusanya 84,000 kwa ajili ya kazi iliyokugharimu 8,000. Zile 76,000 si makato tena, ni bei uliyoongeza bila kuitaja. Mteja aliyeacha unga mezani huenda hakupiga hesabu hiyo, lakini aliihisi.

Sasa punguza unachotoa. Ukimlipa muuzaji wa jumla 400,000 moja kwa moja kwa simu, tuseme kwa makato ya 2,000, zinabaki 200,000. Ukizitoa mara moja kwa 4,500, wiki nzima imekugharimu 6,500. Hiyo ni shilingi 108 kwa kila 10,000 uliyouza. Ndiyo gharama yako ya kweli. Sioni haki ya kumdai mteja 1,400 kwa gharama ya 108.

Mteja, Lindi: Hapo umenisemea. Mimi nakatwa ya kutuma, halafu naambiwa niongeze ya kutolea. Nanunua sukari kilo mbili, nalipia safari mbili za pesa. Na mwenye duka hiyohiyo pesa ananunulia umeme wa LUKU, haitoi kabisa.

Muuza vipuri vya pikipiki, Nachingwea: Lakini msimlaumu mwenye duka. Wengi tunatoa harakaharaka kwa sababu mteja anatuma, anachukua mzigo, halafu anapiga simu huduma kwa wateja anasema amekosea namba. Pesa ikikutwa bado ipo inazuiwa, na wewe mzigo umeshaondoka. Ndiyo maana kila malipo yanatolewa saa ileile, hata 8,000. Mimi limenikuta kwa tairi mbili.

Mtunza hesabu, Mtwara Mjini: Hicho ndicho kiini cha tatizo. Hofu ya kurudishiwa muamala inamfanya mtu atoe vipande vidogo, na vipande vidogo ndivyo vyenye makato mazito. Dawa yake ni Lipa Namba. Mteja wa M-Pesa anapiga *150*00#, anaingia sehemu ya malipo, na jina la duka linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Hawezi kusema alidhani anamtumia shangazi yake. Pesa ya duka pia haichanganyiki na ya matumizi ya nyumbani, na ukipeleka benki au kwa muuzaji wa jumla unafanya hivyo mara moja au mbili kwa wiki.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa kutoa. Tozo ya serikali ilipoanza Julai 2021 iligusa kutuma na kutoa. Bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Kwa hiyo ndani ya makato ya wakala kuna mzigo ambao pesa ikizunguka ndani ya simu huubebi.

Muuza nguo, Lindi: Bado nasema bei imalize. 108 kwa 10,000 ni kitu gani? Ingiza.

Mtunza hesabu, Mtwara Mjini: Kwa nguo uko sahihi, dada yangu, faida ya kitenge inaimeza 108 bila hata kupandisha bei. Ila ukiongeza 500 kwenye kila kitenge, anayekuja na noti mkononi anawalipia wanaolipa kwa simu. Na duka la jirani ambalo halijaongeza linamchukua huyo wa noti.

Shida ipo kwenye saruji. Tuseme mfuko ni 17,000 na faida yako ni 500. Mteja akichukua mifuko 20, ni 340,000 na faida ni 10,000. Kwa kiwango kilekile cha 108 kwa 10,000, makato ni kama 3,700. Zaidi ya theluthi ya faida imekwenda. Hapo sitamwambia mtu abebe tu. Mwambie mteja bei kabla hajapakia mzigo: taslimu ni hii, simu ni hii, na tofauti iwe ile ya kweli.

Muuza vipuri vya pikipiki, Nachingwea: Na risiti ya EFD? Ukipokea 343,700 ukatoa risiti ya 340,000, ile 3,700 iko wapi?

Mtunza hesabu, Mtwara Mjini: Iingie kwenye risiti. Kiasi unachopokea kwa mauzo ndicho kinachoandikwa. Ukiiita ya kutolea ukaiacha nje, taarifa ya simu yako na taarifa ya mashine hazitalingana, na anayekagua ataanza kuuliza kuanzia hapo.

Mteja, Lindi: Mimi bei mbili kwa mfuko mmoja siikubali. Nikiona hivyo najua nadanganywa mojawapo. Afadhali bei moja hata ikiwa juu kidogo.

Wakala, Newala: Wajenzi wakubwa huku wanauliza wenyewe, "ya simu ngapi?" Wameshazoea.

Mwenye duka, Masasi: Basi unga na sukari nitabeba mwenyewe kuanzia kesho, na Lipa Namba naenda kuomba. Kwa saruji sijashawishika. Muuzaji wangu wa jumla hapokei kwa simu, anataka taslimu tu, kwa hiyo zile 400,000 zote lazima nizitoe.

Mtunza hesabu, Mtwara Mjini: Hapo hesabu yangu inabadilika, 108 hiyo usiitumie. Muulize kama ana akaunti ya benki, uhamishe kutoka Lipa Namba yako. Kama hana, andika wiki mbili kwenye daftari: kilichoingia kwa simu, ulichotoa, na makato yaliyoandikwa kwenye kila ujumbe. Gawa makato kwa kilichoingia, ulete namba hapa tuitazame upya.