Jumamosi naonana na mtu wa mtandaoni, ameanza kuhamisha sehemu

BintiKimara: Habari zenu wakuu. Kuna kaka tunachati mwezi wa pili sasa. Tulikubaliana Jumamosi saa 10 jioni, Mlimani City. Jana usiku kaniambia pale kuna kelele, atakuja kunichukua nyumbani twende kwa binamu yake Bunju. Naishi peke yangu. Nimkatalieje bila kuonekana namshuku?

Mzee_wa_Kariakoo: Wadada mmezidi kula nauli. Mimi juzi nimetuma elfu ishirini, mtu akazima simu.

BintiKimara: Mkuu, sijaomba hata mia ya mtu.

fundi_simu: Jifanye unamtumia pesa. Jina la usajili likitokea kabla hujaweka namba ya siri, lilinganishe na alilokupa. Likilingana, nenda tu.

Mama Zuu: Fundi, hapo umefika nusu njia. Jina likitofautiana ni sababu ya kumuuliza. Likilingana bado hujajua ana nia gani, na wapo wanaotumia laini za ndugu.

Mdogo wangu, usijieleze sana. Mwandikie: "Mlimani City saa 10, nikipata nafasi. Kwa binamu siku nyingine." Mtu mwenye nia njema atanung'unika kidogo, kisha atakuja. Akisusa au akianza kukulaumu kwamba humwamini, umeshapata jibu ukiwa bado kwako. Nenda na urudi kwa usafiri wako, asipajue unapolala.

Halafu tafuta mtu mmoja wa kukufuatilia. Mimi nilikuwa namtumia dada yangu picha ya jamaa, namba, mahali na saa. Kwenye WhatsApp nawasha Live location, nachagua ya masaa 8, kwa sababu ile ya lisaa limoja inakatika soda haijaisha. Ila bando au chaji ikiisha, ramani inaganda palepale, naye atadhani umetulia. Ndiyo maana tulipanga anipigie saa 11 kamili. Nikimwuliza "mama amekunywa dawa?", anajua aje. Nisipopokea, anarudia baada ya dakika kumi, na akikosa tena anapiga 112 huku anakuja.

BintiKimara: Dada yangu yuko Mbeya, atakujaje?

Mama Zuu: Basi mtafute wa Dar. Wa Mbeya anaweza kupiga simu, hawezi kufika.

Kipepeo_87: Na kinywaji kifunguliwe mbele yako. Ukienda chooni, ukirudi agiza kingine hata kama kinauma mfukoni.

fundi_simu: Mi naona mnamtisha. Miezi miwili ya kuchati si mtu mnajuana?

Kipepeo_87: Mmeonana kwa simu ya video hata mara moja?

BintiKimara: Kila nikipiga anasema kamera imeharibika. Shoga yangu wa Sinza amekubali kukaa meza ya pili. Ule ujumbe nimeshautuma, tiki mbili za bluu tangu saa 3 asubuhi. Kimya.